Ukumbi Mtupu wa Mchana, Ukumbi Uliojaa wa Usiku: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Matini ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi wa kata kuhusu ukodishaji wa kumbi za sherehe na mikutano



Ukumbi hutazamwa mchana, ukiwa mtupu, na watu watatu au wanne waliofika na msimamizi mwenye funguo. Ukumbi huohuo hutumika usiku, ukiwa na watu mia tatu, muziki, chakula na magari. Malalamiko mengi baada ya sherehe hutokana na tofauti ya nyakati hizo mbili. Choo kilichokuwa safi mchana hukauka maji saa 3 usiku. Jenereta lililooneshwa likiwa limezimwa hushindwa kubeba mzigo. Uwanja ulioonekana mpana hujaa kabla nusu ya wageni hawajafika. Kwa sababu hiyo, anayekwenda kukagua ukumbi hana budi kuujaribu kana kwamba shughuli imekwisha kuanza: avute maji, awashe mitambo, apige muziki, ahesabu na apime.

Ichukuliwe mfano wa kamati ya harusi yenye wageni 300, wanawake 160 na wanaume 140, inayotarajia kuanza sherehe saa 11 jioni na kumaliza usiku. Michango imekwisha kukusanywa kutoka kwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzao, na mwenye ukumbi anataka malipo ya awali ambayo hayarudishwi. Kamati inatuma watu watatu: mama mmoja wa makamo ambaye ni mweka hazina, kijana fundi umeme, na mzee mmoja aliyewahi kuwa dereva wa lori. Wanakwenda Jumamosi saa 12 jioni, siku na saa zinazofanana na za sherehe yao. Wamebeba tepu ya kupimia, daftari, tochi na orodha ya vifaa vitakavyotumia umeme.

Jambo la kwanza: vyoo na maji

Swali la kwanza la kuuliza kuhusu vyoo ni idadi ya matundu yanayofanya kazi, na jibu lake hupatikana kwa kufungua kila mlango. Msimamizi aliwaambia wajumbe kwamba upande wa wanawake una matundu matatu. Mama alipofungua milango aliona kwamba tundu la tatu limegeuzwa kuwa stoo ya mafagio na viti vibovu. Matundu ya wanawake yaliyobaki yalikuwa mawili.

Hesabu yake si ngumu. Mtu mmoja hutumia tundu kwa takriban dakika 3, hivyo tundu moja huhudumia watu 10 katika nusu saa. Wageni hawaendi msalani kwa zamu zilizogawanywa sawasawa usiku kucha. Wengi huinuka kwa pamoja, hasa kabla ya chakula na baada ya hotuba. Ikiwa robo tu ya wanawake 160 watainuka katika nusu saa kabla ya chakula, hao ni wanawake 40. Matundu mawili yatahudumia 20 katika muda huo, na foleni itaendelea kwa saa nzima. Matundu manne yangeimaliza ndani ya nusu saa. Kwa hiyo kamati iliandika hitaji lake wazi: stoo iondolewe vitu na kurudishwa kuwa choo, na tundu la wafanyakazi lililo nyuma ya jiko lifunguliwe kwa wageni wanawake siku hiyo.

Baada ya kuhesabu, mkaguzi huvuta maji katika kila choo, kimoja baada ya kingine, kisha hutazama saa. Anachotafuta ni muda ambao tangi dogo la choo hutumia kujaa tena. Likichukua dakika 6 kujaa, basi tundu hilo kwa kweli huhudumia watu nusu ya wale waliohesabiwa, kwa kuwa mtu wa pili atakuta tangi tupu. Mara nyingi sababu ni mgandamizo mdogo wa maji au vali iliyoziba uchafu, na fundi bomba hulimaliza tatizo hilo kwa siku moja.

Kisha inafuata akiba ya maji. Wageni 300 katika sherehe ya saa sita wanaweza kwenda msalani mara 400 kwa jumla. Choo cha kuvuta kikitumia lita 8, na kunawa mikono lita 1, zinahitajika lita 3,600 kwa vyoo pekee, bila jiko. Ukumbi uliokaguliwa ulikuwa na simtanki moja la lita 2,000. Maji ya bomba yakikatika mchana wa siku hiyo, tangi litakauka kabla sherehe haijaisha. Mkaguzi asitosheke na kuambiwa kwamba tangi limejaa. Agongegonge ubavu wake kutoka juu kwenda chini, na pale mlio unapobadilika kutoka mtupu kuwa mzito ndipo usawa wa maji ulipo. Njia za kukabiliana na upungufu ni kuongeza tangi, kuagiza boza la maji asubuhi ya siku hiyo, au kuweka mapipa na makopo msalani, kwa kuwa kumwaga maji kwa kopo hutumia lita chache kuliko kuvuta.

Mambo mengine mawili hayaonekani kwa macho ya haraka. La kwanza ni shimo la majitaka. Harufu karibu na mfuniko wake, au maji yanayoshuka polepole chooni yakitoa mlio wa kubugujika, ni dalili kwamba shimo linakaribia kujaa. Iulizwe lilinyonywa lini, na stakabadhi ya gari la majitaka ioneshwe. La pili ni mgeni asiyeweza kupanda ngazi. Bibi harusi alikuwa na nyanya anayetumia kiti cha magurudumu. Mama alipima mlango wa choo akapata sentimita 65, kisha akapima kiti nyumbani akapata sentimita 68. Tofauti ya sentimita 3 ilitosha kumzuia bibi huyo asiingie msalani usiku mzima. Kipimo hicho hakingejulikana bila tepu.

Jambo la pili: umeme wa akiba

Msimamizi aliwaonesha wajumbe jenereta lililofunikwa turubai. Mama akamwambia, "Mwanangu, tunaomba liwashwe."

Msimamizi akajibu, "Shikamoo mama, jenereta hili ni zima kabisa. Halijawahi kutuangusha."

"Marahaba. Hatuna shaka na maneno yako," mama akasema, "ila fedha tunazotaka kulipa ni za watu. Tukiulizwa, tuseme tulilisikia likinguruma."

Jenereta halikuwaka mara ya kwanza, kwa kuwa betri ilikuwa imeishiwa nguvu. Liliwaka baada ya dakika 20, betri ya gari ilipoletwa. Ombi la mama lilikuwa limeepusha dakika 20 za giza katikati ya sherehe.

Kuwaka peke yake hakutoshi. Jenereta lisilo na mzigo huwaka vizuri hata likiwa bovu, kwa hiyo liunganishwe na ukumbi, taa zote na viyoyozi viwashwe, na liachwe lifanye kazi kwa angalau dakika 15. Likipungukiwa nguvu, mngurumo hushuka, taa hufifia au kuchezacheza, na moshi mweusi huongezeka. Mkaguzi atazame pia swichi ya kubadilishia umeme: je, hubadilisha yenyewe au huhitaji mtu? Ikihitaji mtu, mtu huyo atakuwapo usiku huo, na funguo za chumba cha swichi atakuwa nazo nani?

Ukubwa wa jenereta umeandikwa kwenye kibati chake kwa kipimo cha kVA. Kwa majenereta mengi ya aina hiyo, namba hiyo huzidishwa kwa 0.8 ili kupata kilowati. Jenereta la ukumbi huu lilikuwa la kVA 20, yaani kilowati 16. Kijana fundi umeme akafungua orodha yake: muziki kilowati 5, taa pamoja na mapambo kilowati 3, majokofu kilowati 2, na viyoyozi sita vya takriban kilowati 2 kila kimoja, jumla kilowati 12. Mzigo wote ulikuwa kilowati 22, hivyo jenereta lisingeubeba. Na kwa kuwa kiyoyozi huvuta nguvu nyingi zaidi kinapoanza kuwaka, hata mzigo unaofikia kilowati 16 kamili ungeweza kulizima.

Mwenye ukumbi hakuwa amedanganya aliposema kwamba jenereta linatosha. Lilikuwa linatosha kwa mikutano ya mchana yenye taa na kipaza sauti. Kamati ikapanga kwamba umeme ukikatika, viyoyozi vyote vizimwe isipokuwa kimoja, ili mzigo ubaki kilowati 12. Madirisha yangefunguliwa ili hewa ipite. Uamuzi huo ulionekana mdogo, lakini una athari katika suala la sauti, kama itakavyoelezwa.

Yabaki mambo matatu ya umeme. Kwanza ni dizeli: jenereta la ukubwa huo, likiwa na mzigo wa kilowati 12, hutumia takriban lita 4 kwa saa, hivyo saa sita zinahitaji lita 24. Iandikwe ni nani anayenunua, na tangi litazamwe kabla wageni hawajafika. Pili ni mahali jenereta lilipo. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua, hivyo lisiwekwe ndani, barazani, wala chini ya dirisha la ukumbi au la jirani. Tatu ni salio la LUKU, ambalo husahaulika kwa sababu kila mmoja huogopa kukatika kwa umeme wa gridi. Mzigo wa kilowati 22 ukiwaka mfululizo kwa saa sita hutumia uniti 132. Mita ya ukumbi siku ya ukaguzi ilikuwa na uniti 40, ambazo kwa mzigo huo haziwezi kufika saa mbili. Njia ya haki ni pande zote mbili kusoma mita pamoja kabla ya sherehe na baada yake, na kuandika namba zote mbili.

Jambo la tatu: kiwango cha sauti

Nchini Tanzania, kelele hutawaliwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 pamoja na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015. Kanuni hizo huweka viwango tofauti kwa mchana na usiku, na kwa maeneo ya aina mbalimbali: makazi na maeneo yenye hospitali hupewa ukimya mkubwa kuliko maeneo ya viwanda. Kwa hiyo swali la msingi si kama ukumbi unaruhusu muziki. Swali ni jirani yake ni nani, na saa ngapi.

Wajumbe waliuzunguka ukumbi kwa miguu. Upande wa kulia walikuta nyumba ya kuishi iliyo mita 15 kutoka dirishani, na nyuma walikuta zahanati iliyo mita 60. Walirudi ndani, wakapiga muziki kwa nguvu ambayo mshehereshaji angeitumia, madirisha yakiwa yamefungwa na viyoyozi vikiwaka. Mzee akaenda kusimama ukutani mwa jirani, baada ya kubisha hodi na kueleza nia yao. Aliweza kuzungumza na jirani kwa sauti ya kawaida, ingawa mdundo wa besi ulisikika kwenye mabati.

Kisha madirisha yakafunguliwa, kama ingekuwa wakati wa jenereta. Sasa mzee na jirani yake walilazimika kupaza sauti ili wasikilizane wakiwa hatua moja mbali. Hiyo ndiyo athari ya uamuzi wa umeme. Ukumbi unaotegemea viyoyozi ili kufunga madirisha hupoteza kinga yake ya sauti umeme unapokatika. Jirani hulala vizuri umeme ukiwapo, na hupiga simu polisi ukikatika.

Umbali nao hausaidii kama watu wanavyodhani. Katika eneo la wazi, umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 tu. Zahanati iliyo mita 60 iko mbali mara nne ya nyumba ya jirani, lakini kinachopungua ni desibeli 12 hivi, na besi hupita ukutani kwa urahisi kuliko sauti nyembamba. Kinachosaidia zaidi ni kuzielekeza spika mbali na majirani, kuziinua spika za besi zisikae moja kwa moja juu ya jukwaa la mbao, na kutumia spika ndogo nyingi zilizotawanywa badala ya mbili kubwa zinazotakiwa kufika hadi mlango wa nyuma.

Kuhusu saa, mkataba wa ukumbi uliandika kwamba ukumbi ni wa mteja hadi saa 6 usiku. Mteja husoma maneno hayo na kudhani kwamba muziki nao unaruhusiwa hadi saa 6. Sivyo. Saa ya muziki huamuliwa na kibali cha shughuli na masharti ya leseni ya ukumbi, si na makubaliano ya watu wawili. Kamati ilimwomba msimamizi aoneshe masharti hayo, kisha ikafika ofisi ya mtendaji wa kata kuuliza utaratibu wa kibali. Ratiba ikapangwa upya: dansi ikatangulia, na hotuba pamoja na zawadi, zisizohitaji sauti kubwa, zikasogezwa mwisho.

Jambo la nne: maegesho

Gari dogo linahitaji nafasi ya takriban mita 2.5 kwa 5. Ukiongeza njia ya kugeuzia, kila gari huchukua karibu mita 25 za mraba. Kipimo cha uwanja hupatikana kwa miguu: hatua ya kawaida ya mtu mzima ni takriban robo tatu ya mita. Mzee alihesabu hatua 40 kwa urefu na 20 kwa upana, yaani mita 30 kwa 15, ambazo ni mita 450 za mraba. Uwanja huo unatosha magari 18.

Msimamizi alikuwa amesema unatosha magari 40. Pengine yaliwahi kuingia 40 yakiwa yamebanana, na aliyefika kwanza akaondoka wa mwisho. Kamati ilipitia orodha ya waalikwa na kukadiria magari 45. Magari 27 yasiyo na nafasi yangeishia pembezoni mwa barabara, ndani ya hifadhi ya barabara, mahali ambapo watembea kwa miguu hulazimika kupita katikati ya njia gizani.

Ufumbuzi ulipatikana mita 200 kutoka hapo, kwenye kiwanja cha shule ya msingi, kwa ruhusa ya maandishi. Wajumbe walikirudia kiwanja hicho usiku wakiwa na tochi, wakaona kwamba hakina taa na kwamba upande wa chini ni udongo mfinyanzi. Kisigino cha mzee kilizama baada ya mvua ndogo ya jana yake. Gari zito lingekwama hapo. Waliamua kutumia upande wa juu pekee, kuweka walinzi wawili, na kupeleka taa mbili. Uwanja wa ukumbi ukahifadhiwa kwa ajili ya wazee, wagonjwa na maharusi, na kona moja ikatengwa kwa bodaboda na bajaji ili zisisimame getini.

Jambo la tano: njia ya kushushia mizigo

Wageni huingia kwa mlango wa mbele, na wakaguzi wengi huishia hapo. Viti, mapambo, spika, keki, masufuria na maji huingia kwa njia nyingine, na njia hiyo inastahili kupimwa yote, kutoka barabara kuu hadi mlango wa jiko.

Mzee aliyewahi kuendesha lori alitazama geti kwa macho ya kazi yake. Upana wake ulikuwa mita 3, na kenta ya kawaida ina upana wa mita 2 na kidogo, hivyo ilionekana inapita. Lakini uchochoro unaofika getini ulikuwa na upana wa mita 4, na geti limekaa ubavuni mwake. Kenta ingelazimika kukata kona kali ili iingie. Aidha, juu ya geti palikuwa na boriti iliyo mita 2.8 kutoka ardhini, na kenta yenye bodi iliyofunikwa hufikia mita 3 au zaidi. Kwa hiyo mizigo ingeshushwa nje na kubebwa mita 60 hadi ukumbini.

Kubeba huko kuna gharama ya muda. Viti 300 vikibebwa vinne kwa kila safari ni safari 75. Wabebaji wanne, kila safari ikichukua dakika 3 kwenda na kurudi, hutumia karibu saa nzima kwa viti pekee. Ukumbi ulikuwa na mkutano wa asubuhi, na wapambaji wangeruhusiwa kuingia saa 8 mchana. Sherehe ilianza saa 11. Katika saa tatu hizo kulikuwa na viti, meza, mapambo, muziki na kujaribu mitambo. Kamati iliomba mambo mawili: viti vifike jioni ya Ijumaa na kulala stoo, na mapambo ya jukwaani yaanze mara tu mkutano utakapokwisha.

Mlango wa jiko nao ulipimwa, ukapatikana na sentimita 75. Sufuria kubwa la pilau la mpishi lilikuwa na kipenyo cha sentimita 85. Kupitisha sufuria la moto kwa kuliinamisha mlangoni ni hatari kwa mpishi na kwa chakula. Ikakubaliwa kwamba chakula kipakuliwe nje, chini ya turubai, katika vyombo vidogo.

Mwisho kabisa, njia ya mizigo ndiyo pia njia ya gari la wagonjwa na la Zimamoto, ambalo huitwa kwa namba 114. Ikiwa kenta haiwezi kuingia, gari la Zimamoto nalo haliwezi. Hapo inafaa kufahamu mapema kwamba msaada utaishia getini. Uchochoro usiegeshwe hata gari moja, na milango yote ya dharura ya ukumbi ifunguliwe na kujaribiwa mbele ya mkaguzi. Mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli usihesabiwe kuwa mlango.

Kutoka ukaguzi hadi mkataba

Kamati haikuukataa ukumbi. Ulikuwa na bei nafuu na uko karibu na kanisa la ndoa. Wajumbe waliandika masharti yao kwenye karatasi moja na kumpelekea mwenye ukumbi kabla ya kulipa shilingi hata moja. Alikubali kufungua matundu mawili ya vyoo, kujaza tangi, kuweka betri mpya ya jenereta na kupokea viti Ijumaa. Alikataa kupanua mlango wa choo, kwa kuwa ukuta ule unabeba paa. Familia ikakubaliana na mwenye nyumba ya jirani, aliyekwisha kufahamiana na mzee siku ya muziki, kwamba nyanya atumie choo chake. Makubaliano yote yakaingizwa katika mkataba, yakiwa na tarehe ya ukaguzi wa pili: siku 2 kabla ya sherehe.

Mkaguzi atakayekwenda ukumbini anaweza kuikata orodha hii na kuibeba:

1. Vyoo: hesabu matundu yanayofanya kazi, vuta maji katika kila kimoja na upime muda wa kujaa, gonga tangi, uliza lini shimo lilinyonywa, pima mlango kwa ajili ya kiti cha magurudumu.
2. Umeme: washa jenereta likiwa na mzigo kwa dakika 15, soma kVA na uzidishe kwa 0.8, linganisha na jumla ya vifaa, kagua dizeli, swichi, mahali moshi unapoelekea na salio la LUKU.
3. Sauti: piga muziki na usimame ukutani mwa jirani, madirisha yakifungwa na yakifunguliwa, soma masharti ya kibali, si saa ya mkataba pekee.
4. Maegesho: pima uwanja kwa hatua, gawa mita za mraba kwa 25, rudi usiku, na ikiwezekana baada ya mvua.
5. Mizigo: pima upana na kimo cha geti, kona ya kuingilia, mlango wa jiko na umbali wa kubeba, uliza saa ya kuruhusiwa kuingia, jaribu milango ya dharura.

Kila jibu liandikwe kwa namba, lisiandikwe kwa maneno kama "yanatosha" au "ni zima". Namba zikikamilika, mweka hazina ndipo atoe malipo ya awali na kudai stakabadhi.